Siku 60 za kumaliza viporo vya miaka miwili

Tarehe 19 Aprili 2013, watumishi wanaoshughulikia madai ya fidia katika Wizara ya Wanajeshi Wastaafu ya Marekani walipata waraka kutoka makao makuu yao, Washington. Ulipewa namba 13-05 na ulikwenda kwa ofisi zote za kanda. Agizo lake lilikuwa moja: kila dai lililokaa zaidi ya miaka miwili bila uamuzi liamuliwe ndani ya siku 60. Mtumishi aliyekuwa na kazi nyingine mezani aiweke kando kwanza, isipokuwa madai ya watu waliokwishapewa kipaumbele tangu zamani: wagonjwa walio mahututi, wasio na makazi, wenye dhiki kubwa ya fedha, na waliowahi kuwa mateka wa vita.

Mwezi mmoja baadaye likafuata tangazo la pili. Kuanzia hapo hadi tarehe 30 Septemba, mwisho wa mwaka wa fedha wa Marekani, kila mshughulikia madai angefanya kazi angalau saa 20 za ziada kwa mwezi. Hilo halikuwa ombi, lilikuwa lazima.

Nyaraka za namna hii hutolewa kila siku katika kampuni za bima, mifuko ya hifadhi ya jamii na ofisi za mirathi duniani kote. Bosi anatangaza kwamba tangu sasa dai litamalizika kwa siku kadhaa, watumishi wanasoma, kila mmoja anarudi mezani kwake. Kisa cha Marekani kinafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu kimeandikwa hadharani tangu mwanzo hadi mwisho, na wakaguzi wa serikali walikwenda kuhesabu kilichotokea baada ya waraka kusomwa. Walichokiona ni kwamba idadi ya siku ni sehemu ndogo ya tangazo. Sehemu kubwa ni kanuni za kuhesabu: saa inaanza kugonga lini, inasimama lini, na ni kazi gani zinazoachwa nje ya hesabu.

Sakafu iliyolemewa

Lengo lenyewe lilikuwa limetangazwa miaka mitatu kabla. Waziri wa wakati huo, Eric Shinseki, jenerali mstaafu aliyejeruhiwa mguu katika vita vya Vietnam, aliahidi mwaka 2010 kwamba ifikapo 2015 hakuna dai litakalokaa zaidi ya siku 125, na kwamba maamuzi yatakuwa sahihi kwa asilimia 98. Dai lililopita siku 125 lilihesabiwa kuwa limeingia kwenye mrundikano.

Ahadi ilitolewa, lakini mrundikano ukazidi kukua. Mwezi Machi 2013 ulifikia kilele chake: madai yapatayo 611,000 yalikuwa yamepita siku 125.

Sababu zake zinajulikana. Vita vya Irak na Afghanistan vilikuwa vinarudisha nyumbani vijana wenye majeraha mengi kwa mpigo, na dai moja la kijana wa aina hiyo huweza kubeba matatizo kumi au zaidi, kila moja likihitaji ushahidi wake. Juu ya hapo, mwezi Agosti 2010 wizara iliongeza maradhi matatu kwenye orodha ya yale yanayochukuliwa kuwa yametokana na sumu ya kuua majani iliyomwagwa Vietnam: ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba, ugonjwa wa Parkinson, na aina fulani za saratani ya damu. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani wazee wengi walikuwa wameugua kwa miaka bila kulipwa. Lakini ulileta maelfu kwa maelfu ya madai, yakiwemo ya zamani yaliyokwishakataliwa na sasa yalipaswa kufunguliwa upya. Waamuzi wenye uzoefu walihamishiwa huko, na madai ya kawaida yakabaki yakisubiri.

Kazi yote hii ilikuwa bado inafanywa kwa karatasi. Mwezi Agosti 2012 ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa wizara ilitoa ripoti kuhusu ofisi ya kanda ya Winston-Salem, katika jimbo la North Carolina. Makabati ya masjala yalikuwa yamejaa, hivyo watumishi walianza kupanga majalada juu ya makabati, kisha juu ya majalada hayo mengine, kisha kwenye maboksi sakafuni. Wakaguzi walikadiria majalada yaliyokaa juu ya makabati peke yake kuwa 37,000. Wakaonya kwamba uzito huo ulikuwa umezidi uwezo wa sakafu ya jengo, na kwamba majalada yangeweza kumwangukia mtumishi anayepita chini. Picha walizopiga zinaonyesha vichochoro vyembamba kati ya kuta za karatasi. Mtu akitumwa kutafuta jalada moja humo, siku nzima ingeweza kuisha.

Siku zinakokwenda

Ili kuelewa waraka wa 13-05 ni lazima kwanza kufuata jalada moja linavyotembea.

Dai likifika hupigwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Muhuri huo una kazi mbili. Ya kwanza ni kuanzisha saa ya kupima kasi ya ofisi. Ya pili ni kubwa zaidi kwa mdai, kwa sababu kwa kawaida fidia huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo hata kama uamuzi utatoka miaka miwili baadaye.

Kisha mtumishi wa maandalizi hulichukua jalada na kuanza kukusanya ushahidi. Sheria ya mwaka 2000 inaitaka wizara imsaidie mdai kupata ushahidi wake, si kukaa kumsubiri. Kumbukumbu za hospitali binafsi huombwa mara moja, na zisipokuja huombwa angalau mara nyingine. Kumbukumbu zilizo mikononi mwa serikali ya shirikisho, kama vyeti vya matibabu vya jeshini, huombwa tena na tena mpaka mwenye nazo aseme hazipo, au iwe dhahiri kwamba kuendelea kuomba hakuna maana. Mdai naye huandikiwa barua na kupewa siku 30 za kujibu. Mara nyingi daktari hutakiwa ampime ili aseme kama maradhi yake yana uhusiano na utumishi wa jeshi.

Ushahidi ukikamilika jalada huenda kwa mwamuzi. Huyu husoma kila ukurasa, huamua kila tatizo kama linatokana na jeshi, na hulipangia kiwango cha ulemavu kati ya asilimia 0 na 100, kwa ngazi za kumikumi. Mwingine huandaa malipo na barua ya uamuzi, na mwingine huidhinisha.

Katika safari hiyo saa za kazi halisi, yaani mtu kukaa na jalada na kulishughulikia, ni chache ukilinganisha na siku za kungoja. Jalada linangoja kumbukumbu kutoka kikosi fulani, linangoja daktari, linangoja mtu mwenye nafasi. Kwa hiyo kumwambia mtumishi aongeze kasi hakufupishi sehemu iliyo ndefu zaidi. Ama hospitali na vikosi vijibu mapema, ama uamuzi utolewe kabla ushahidi wote haujafika. Waraka wa 13-05 ulichagua njia ya pili.

Uamuzi wa muda

Waraka ulianzisha kitu ambacho watumishi hawakuwa wamezoea kukitumia kwa wingi namna ile: uamuzi wa muda. Dai likiwa limepita miaka miwili na bado kuna ushahidi unaokosekana, mwamuzi aliamuriwa aamue kwa kile kilichomo jaladani. Kama kulikuwa na kipimo cha daktari kilichohitajika, kiagizwe na kiharakishwe. Mdai angepewa mwaka mmoja wa kuleta ushahidi zaidi. Ukipatikana na kuongeza kiwango, nyongeza ingelipwa kuanzia tarehe ya awali ya dai. Mwaka ukiisha bila jipya, uamuzi ungekuwa wa mwisho na ndipo haki ya kukata rufaa ingeanza.

Chukua mfano uliotungwa ili kuonyesha hesabu inavyokwenda. Mwanajeshi mstaafu anawasilisha dai tarehe 2 Machi 2011. Ana matatizo matatu: mlio wa kudumu masikioni, goti, na mgongo. Vyeti vya masikio na goti vimo jaladani. Aliumia mgongo alipokuwa na kikosi cha akiba cha jimbo lake, na kumbukumbu za matibabu za kikosi hicho hazijapatikana pamoja na kuombwa mara kadhaa. Waraka unapofika, dai lake lina miezi 25.

Mwamuzi anaipa milio ya masikioni asilimia 10, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa tatizo hilo, na goti asilimia 10. Mgongo hauna ushahidi, kwa hiyo kwa sasa haupati kitu. Viwango hivi havijumlishwi kama bei sokoni. Cha kwanza hutolewa kwenye mtu mzima wa asilimia 100, zinabaki 90, na asilimia 10 ya hizo 90 ni 9, hivyo jumla ni 19, ambayo hukadiriwa kuwa 20. Mdai anaanza kulipwa fidia ya asilimia 20, pamoja na malimbikizo kuanzia tarehe 1 Aprili 2011, maana malipo huanza mwezi unaofuata tarehe ya dai.

Miezi sita baadaye kumbukumbu za kikosi zinapatikana. Mgongo unapewa asilimia 20. Sasa hesabu inaanza na 20, kisha asilimia 10 ya 80 zilizobaki inafikisha 28, kisha asilimia 10 ya 72 inafikisha 35, na 35 hukadiriwa kwenda juu kuwa 40. Fidia yake inapanda maradufu kwa kiwango, na nyongeza inarudi nyuma hadi Aprili 2011. Kwa mtu huyu uamuzi wa muda umefanya kazi sawasawa: amepata fedha mapema, na hakupoteza haki yake.

Mfano huu unategemea jambo moja ambalo ni rahisi kulisahau. Baada ya uamuzi wa muda, lazima awepo mtu anayeendelea kuzitafuta kumbukumbu za mgongo.

Wastani unaodanganya

Mafanikio yalionekana haraka. Tarehe 20 Juni 2013 wizara ilitangaza kwamba madai zaidi ya 65,000, sawa na asilimia 97 ya yale yaliyokuwa yamepita miaka miwili, yalikuwa yameamuliwa. Mwezi huohuo mfumo mpya wa kompyuta wa kushughulikia madai bila karatasi ulikuwa umefika katika ofisi zote 56. Zamu ya waliokaa zaidi ya mwaka mmoja ikafuata.

Lakini mtu aliyeangalia wastani wa siku za kumaliza dai angeamini kwamba mambo yameharibika. Mwaka wa fedha 2012 wastani huo ulikuwa siku 262. Mwaka 2013, mwaka wa waraka na wa saa za ziada, ulipanda hadi 378.

Hakukuwa na uongo katika takwimu hizo. Wastani wa siku za kumaliza huhesabu madai yaliyofungwa tu. Tuseme ofisi ndogo imefunga majalada kumi kwa wiki. Tisa yalikaa siku 100 kila moja, na la kumi ni kiporo cha siku 800. Jumla ni siku 1,700, wastani 170. Ofisi ya jirani nayo ina kiporo cha siku 800, lakini imekiacha rafuni na kufunga jalada jingine jepesi la siku 100 badala yake. Wastani wake ni 100. Kwa kipimo hiki ofisi iliyomtelekeza mzee wake inasifiwa, na ile iliyomhudumia inaulizwa kulikoni.

Ndiyo maana wizara hutumia vipimo viwili kwa pamoja. Mbali na siku za kumaliza, huhesabu pia umri wa madai yaliyo bado mezani. Ofisi inayokwepa viporo itapendeza kwenye kipimo cha kwanza, lakini umri wa kazi iliyobaki utaendelea kuongezeka wiki hadi wiki. Cha tatu ni idadi ya yaliyovuka siku 125. Mtumishi anayesoma tangazo la lengo jipya na kukuta neno “wastani” peke yake ana haki ya kuuliza: wastani wa yapi, yaliyokwisha au yanayongoja?

Usahihi nao una namna mbili za kupimwa, na tofauti yake ni kubwa. Wizara huchukua sampuli ya madai yaliyoamuliwa na kuyakagua. Ikihesabu kwa dai, basi dai lenye matatizo kumi ambamo moja tu limekosewa ni dai lenye kosa, na halipati alama. Ikihesabu kwa tatizo mojamoja, dai hilohilo lina usahihi wa asilimia 90. Katika kipindi hicho wizara iliripoti usahihi wa karibu asilimia 90 kwa dai, na karibu 96 kwa tatizo. Lengo lilikuwa 98, na kila msikilizaji aliyesikia tarakimu moja bila kuelezwa ni ipi aliondoka na picha yake mwenyewe.

Wakaguzi walipohesabu upya

Mwezi Julai 2014 Mkaguzi Mkuu alitoa ripoti kuhusu mpango wa miaka miwili. Timu yake ilichukua maamuzi 240 yaliyofanywa chini ya waraka na kuyapitia upya. Maamuzi 77, karibu theluthi moja, yalikuwa na makosa. Baadhi ya wadai walilipwa pungufu, wengine walilipwa zaidi ya stahili yao.

Jambo la pili lililowasumbua wakaguzi lilihusu mahali saa iliposimamia. Dai lililopewa uamuzi wa muda liliondolewa kwenye hesabu ya madai yanayongoja, kana kwamba limekwisha. Kwenye taarifa, mrundikano ulipungua. Mezani, kazi ilikuwa bado ipo: kumbukumbu za kutafutwa, mwaka mmoja wa kusubiri, uamuzi wa mwisho wa kuandikwa. Na kwa kuwa madai hayo hayakuwa tena katika hesabu, kuyakamilisha hakukuwa kipaumbele cha mtu yeyote. Wakaguzi walikuta maelfu ya wanajeshi wastaafu bado wanangoja uamuzi wa mwisho.

Hapa hakuna haja ya kumtafuta mtumishi mbaya. Mwamuzi aliyepewa siku 60, saa za ziada za lazima na rundo la majalada, hufanya kile kinachohesabiwa. Uamuzi wa muda ulihesabiwa na ufuatiliaji haukuhesabiwa. Yeyote aliyewahi kufanya kazi mahali panapopimwa kwa tarakimu anajua kazi ipi kati ya hizo mbili itakayofanyika Ijumaa jioni.

Upande wa pili wa saa, yaani mwanzo wake, nao ulipata matatizo. Tarehe 20 Mei 2013 wizara ilitoa waraka mwingine, namba 13-10, kuhusu madai yaliyogunduliwa yamesahaulika ndani ya majalada. Nia ilikuwa kutatua tatizo la kweli: karatasi ya dai iliyochanganyika na nyaraka nyingine na kuonekana miaka mitatu baadaye, kwa kufuata muhuri wake, ingeingia kwenye mfumo ikiwa tayari imechelewa miaka mitatu. Waraka uliruhusu dai la aina hiyo kupewa, kwa ajili ya ufuatiliaji, tarehe ya siku lilipogunduliwa. Katika ripoti ya ofisi dai la miaka mitatu likawa na umri wa siku moja.

Katika ofisi ya kanda ya Philadelphia wakaguzi walikuta ruhusa hiyo imetumika pale isipostahili. Wizara iliusimamisha waraka huo mwezi Juni 2014. Wakati huo Shinseki hakuwepo tena ofisini. Alijiuzulu tarehe 30 Mei, baada ya kubainika kwamba katika hospitali za wizara hiyohiyo, ambako lengo lilikuwa mgonjwa amwone daktari ndani ya siku 14, watumishi walikuwa wakificha muda halisi wa kusubiri, na hospitali ya Phoenix ilikuwa na orodha za wagonjwa nje ya mfumo rasmi.

Dalili za namna hii zinaweza kuonwa mapema na msimamizi anayetaka kuziona. Ukiona madai mengi yanamalizika siku moja au mbili kabla ya kikomo na machache sana baada yake, kuna mtu anasukuma tarehe. Ukiona tarehe ya kupokelewa kwenye kompyuta haifanani na muhuri ulio kwenye karatasi, sababu iandikwe na isainiwe na mtu mwingine. Na ukiona mrundikano unapungua huku barua za malalamiko na rufaa zikiongezeka, kazi haijaisha, imehamia chumba kingine.

Chumba kingine

Ndivyo ilivyokuwa. Lengo la siku 125 lilihusu madai yanayohitaji kupimiwa kiwango cha ulemavu. Rufaa hazikuwemo. Maombi ya kuongeza mke, mume au mtoto kwenye malipo hayakuwemo pia. Waamuzi wenye uzoefu walipoelekezwa wote kwenye rundo moja, rundo zilizoachwa nje zilikua. Mzee aliyekwisha kushinda dai lake alijikuta akingoja miezi mingi ili mtoto aliyezaliwa atambuliwe katika malipo yake, jambo linalohitaji cheti cha kuzaliwa na dakika chache za kazi.

Mwezi Agosti 2015 wizara ilitangaza kwa furaha kwamba mrundikano umeshuka chini ya madai 100,000, kutoka yale 611,000. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na mamia ya maelfu ya familia ziliyaona kwenye akaunti zao za benki. Hata hivyo ahadi ya mwaka 2010, kwamba hakuna hata moja litakalozidi siku 125, haikutimia, wala ile ya asilimia 98 kwa dai zima. Na kufikia 2017 rufaa zilizokuwa zinangoja zilizidi 400,000.

Ukirudi kwenye maandishi ya waraka wa 13-05 ukijua haya yote, unaweza kuonyesha kwa kidole sentensi ambazo zingeongezwa. Ya kwanza ingesema kwamba dai lenye uamuzi wa muda linahesabiwa katika fungu lake, lenye saa yake na msimamizi wake, mpaka uamuzi wa mwisho utoke. Ya pili ingetaka sampuli ya maamuzi ikaguliwe kila wiki ndani ya zile siku 60, ili makosa ya wiki ya pili yasirudiwe katika ya tatu. Ya tatu ingeorodhesha kazi zinazosimamishwa ili hii ifanyike, pamoja na tarehe ya kuzirudia. Ya nne ingemweleza mtumishi kwa nini miaka miwili ndiyo mpaka uliochaguliwa, na si kumpa tarakimu tupu.

Sababu ilikuwepo, na ilikuwa nzuri. Waliokaa zaidi ya miaka miwili walikuwa wengi wao wenye majalada magumu, ambayo kila mwamuzi aliyapita akitafuta jepesi la kumwongezea alama za siku. Miongoni mwao walikuwemo wazee wa Vietnam. Baadhi ya wadai walifariki wakingoja. Mtumishi anayejua hivyo anaelewa kwa nini jalada nene ndilo la kuanza nalo, hata kama litamla siku nzima na kumpa alama moja.

Tatizo la rufaa lilihitaji sheria mpya. Bunge liliipitisha, ikasainiwa tarehe 23 Agosti 2017, na ikaanza kutumika Februari 2019. Sasa mdai asiyeridhika anachagua njia moja kati ya tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba mwamuzi wa ngazi ya juu alisome upya jalada lilelile, au kwenda kwenye bodi ya rufaa. Kwa njia mbili za kwanza wizara ilijiwekea lengo la wastani wa siku 125. Sheria yenyewe iliitaka pia itangaze hadharani ni madai mangapi yanangoja katika kila njia na yanachukua muda gani kuamuliwa, zikiwemo rufaa za mfumo wa zamani ambazo zilikuwa bado hazijaisha.